Mistari mitatu kwenye matokeo ya Nekesa

Msichana ninayemweleza hapa nitamwita Nekesa, ingawa si jina lake. Kwao ni karibu na Chwele, Kaunti ya Bungoma, katika boma ambalo hakuna mtu aliyewahi kusoma kupita kidato cha nne. Septemba 2024 alijiunga na chuo kikuu cha umma, safari ya usiku kucha kwa basi kutoka Bungoma, kusomea ualimu wa hisabati na fizikia. Alirudi wiki moja kabla ya Krismasi. Alikuwa amekonda, na hakutaka kuongea. Alikuwa akiamka kabla ya mama yake, anaingia shambani, kisha anashinda jikoni hadi usiku. Jumapili alikataa kwenda kanisani, kwa sababu waumini ndio waliochanga nauli na godoro lake, na alijua watamwita mbele asimulie chuo kilivyo.

Nilimfundisha hisabati kwa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, kwa hivyo mama yake alikuja kwangu. Wakati huo ukoo ulikuwa umeshagawanyika. Baba alitaka mtoto arudi chuoni muhula ukifunguliwa. Senge yake, yaani shangazi yake, alisema aahirishe mwaka mzima apumzike. Mjomba alishauri aachane na chuo kikuu, aingie chuo cha ualimu kilicho karibu na nyumbani. Kila mmoja alisema kwa mapenzi. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyaona matokeo, kwa sababu yalikuwa hayajatoka, na Nekesa hakumwambia mtu lolote kuhusu mitihani.

Baba yake alikuwa amemuuliza swali moja tu siku aliyofika: "Umekuwa namba ngapi?" Ni swali la haki kabisa. Ripoti za shule alizozisoma maisha yake yote zilikuwa na nafasi ya mwanafunzi darasani, wastani, maoni ya mwalimu wa darasa, na karo iliyobaki chini kabisa. Chuo kikuu hakitumi ripoti nyumbani wala hakimpi mwanafunzi namba. Nekesa alinyamaza kwa kuwa swali halikuwa na jibu, na baba akauchukulia ukimya huo kuwa ndilo jibu.

Matokeo ya muda yaliingia kwenye mfumo wa chuo wiki ya pili ya Januari. Nekesa alikuja kwangu jioni hiyo na kuniwekea simu mkononi bila kusema kitu. Nilipomaliza kusoma akasema, "Mwalimu, nimefeli tatu kati ya saba. Watanifukuza."

Hakuwa amefeli tatu. Alikuwa amefeli moja.

Yuniti nne, yaani masomo manne ya muhula, zilikuwa salama: alama 61, 57, 64 na 52. Tatu zilizobaki, yeye alizisoma kama msiba mmoja. Ya kwanza, Kalkulasi, ilikuwa na 37 na herufi E. Ya pili, Mekanika, ilikuwa na alama za majaribio, na mahali pa mtihani pameandikwa kwamba hakuwepo. Ya tatu, Stadi za Mawasiliano, haikuwa na chochote isipokuwa kistari. Herufi na alama hizi hutofautiana chuo hadi chuo, lakini hali zenyewe zipo karibu kila mahali, na kila moja ina mlango wake wa kubisha. Anayezichanganya atabisha mlango usio wake, ataambiwa hapa si mahali pake, na akiwa mtoto wa kwanza wa ukoo kufika huko ataamini kwamba yeye ndiye asiye na mahali.

Nianze na Kalkulasi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomwuma. Huyu ni mtoto aliyepata A ya hisabati kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Chuoni kwao, kama kwenye vyuo vikuu vingi vya Kenya, alama 100 za yuniti hugawanywa mara mbili: majaribio ya katikati ya muhula huchukua 30 na mtihani wa mwisho 70. Kufaulu ni 40. Majaribio ya Kalkulasi yalikuwa mawili, kila moja likibeba 15. Nilimwomba anitajie alichopata katika kila kipande. Jaribio la pili alikuwa na 10 kwa 15. Mtihani alikuwa na 27 kwa 70. Jaribio la kwanza?

"Sikulifanya. Sikujua kama lipo."

Hapo hesabu ikajieleza yenyewe. Kumi na ishirini na saba ni 37. Angefanya lile jaribio la kwanza na kupata hata 3, angevuka. Hiyo 27 ya mtihani si nzuri, na nilimwambia hivyo waziwazi. Ilikuwa dalili kwamba mada za wiki za mwanzo, vikomo na mwendelezo, hazikumwingia, na kila kilichofuata kilijengwa juu yake. Ila kilichomwangusha hasa ni zile 15 ambazo hakupata hata nafasi ya kuzigombania.

Kwa nini hakujua? Aliripoti chuoni wiki ya tatu. Tangazo la jaribio lilitolewa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, naye hakuwa ameingizwa. Jaribio lenyewe lilifanywa mapema, wiki chache tu baada yake kufika, katika saa ambayo ratiba aliyoinakili ubaoni ilionyesha kuwa huru. Alipopata habari, siku zilikuwa zimepita. Na hakumwendea mhadhiri. Alidhani mhadhiri ni kama mwalimu mkuu, huendi ofisini kwake ila umeitwa. Wahadhiri wengi humpa jaribio jingine mwanafunzi aliyechelewa kusajiliwa, mradi aje mapema na aje na ushahidi wa tarehe aliyosajiliwa. Baada ya mtihani mlango huo umefungwa.

Na kwa nini aliripoti wiki ya tatu? Hapa inabidi turudi nyumbani, mwezi Agosti. Kundi lake la wanafunzi liliingia chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, ambao hupima uwezo wa familia na kumweka mwanafunzi katika moja ya ngazi tano. Yeye aliwekwa ya tatu. Maana yake kwa kila shilingi 100 za gharama ya masomo, 50 ni ufadhili wa serikali usiolipwa, 30 ni mkopo kutoka HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na 20 ni za familia. Baba aliposikia kuna sehemu ya familia, alifanya kile ambacho angefanya shule ya bweni: hakumpeleka mtoto mpaka pesa zote zipatikane. Alimsubiri mnunuzi wa mtamba. Mnunuzi alikuja, akapunguza bei, akaondoka, akarudi. Wiki mbili na zaidi zikaenda hivyo.

Simlaumu baba hata kidogo. Shule ya sekondari ilishamrudisha mtoto huyu nyumbani kwa ajili ya karo mara nyingi, na kusafiri usiku kucha ili urudishwe getini ni hasara mbili. Lakini chuo alichokwenda kilimruhusu mwanafunzi kuripoti, kusajiliwa na kuanza masomo huku akilipa sehemu ya familia kidogo kidogo katika muhula. Kilichohitaji salio kulipwa ni kadi ya mtihani, miezi mitatu baadaye. Taarifa hiyo ilikuwamo kwenye barua ya kujiunga, ukurasa wa nne, katika Kiingereza cha ofisi. Hakuna aliyeisoma kwa utulivu pale nyumbani. Ningeulizwa wiki ipi ya muhula huu ningeirekebisha kama ningeweza, ningesema hiyo ya kwanza, na mtamba angeuzwa Oktoba kwa bei nzuri zaidi.

Dawa ya Kalkulasi ni sapu, yaani mtihani wa marudio. Kwa kanuni za chuo chake sapu hufanywa mwisho wa mwaka wa masomo, hulipiwa ada kwa kila yuniti, majaribio ya awali hayahesabiwi, na hata ukipata 80 utaandikiwa 40. Nekesa alipofika kwenye hiyo 40 alilia kwa mara ya kwanza. Aliona rekodi yake imechafuka milele. Tukapiga hesabu. Digrii yake itakuwa na yuniti kama 50. Kama wastani wake ungekuwa 62, na yuniti moja ishuke kutoka 62 hadi 40, amepoteza alama 22 zikigawanywa kwa 50, yaani haifiki nusu alama. Wastani unakuwa 61 na ushee, na daraja la pili la juu linaanzia 60. Alama hiyo itabaki kwenye cheti cha matokeo na mtu akiuliza ataiona. Haiwezi kumnyima daraja peke yake.

Mekanika ilikuwa jambo tofauti kabisa. Asubuhi ya mtihani aliamka na homa, anatetemeka, akapelekwa zahanati ya chuo na msichana waliyekuwa wakiishi chumba kimoja. Akapimwa, akakutwa na malaria, akawekewa dripu, akalala pale hadi jioni. Alipoamka mtihani ulikuwa umeisha, naye akahesabu amefeli na akanyamaza. Mama yake alipopiga simu usiku huo alimwambia, "Niko sawa, mama, nilikuwa nasoma."

Aliyekosa mtihani kwa ugonjwa uliothibitishwa hahesabiwi amefeli. Hupewa speshali: anaufanya kama mtihani wake wa kwanza, majaribio yake yanahesabiwa, na alama anayopata ndiyo inayoandikwa, bila kukatwa hadi 40. Tofauti ya sapu na speshali ni hiyo, na ni kubwa. Ila speshali haiji yenyewe. Inaombwa kwa barua, na isipoombwa, kutokuwepo kunageuka kuwa sifuri, halafu unaingia sapu kama mwenzako aliyekuwepo akashindwa. Kanuni za chuo chake zilitaka taarifa itolewe ndani ya siku 7 tangu mtihani. Sisi tulikuwa tumepita mwezi.

Nilimwuliza kama kuna mtu yeyote chuoni aliyejua siku ile. Akafikiri. Msichana wa chumbani alikuwa amemwandikia kiongozi wa darasa kwenye WhatsApp, na kiongozi akajibu kwamba amemjulisha msimamizi wa mtihani. Ujumbe ulikuwa bado upo, na tarehe na saa yake. Kitabu cha matibabu nacho kilikuwa ndani ya begi, kina muhuri wa zahanati ya chuo chenyewe. Hilo lilikuwa jambo la heri, kwa sababu karatasi ya kliniki ya nje huhitaji kuthibitishwa na daktari wa chuo, na mara nyingi hapo ndipo maombi hukwama.

Tuliandika barua usiku huo huo. Alitaka kueleza habari za mtamba, njaa ya Oktoba, chumba cha kupanga alichokipata kwa sababu hosteli zilijaa. Nilimwambia aondoe yote. Si kwamba hayana uzito, bali bodi ya kitivo inayosoma barua hamsini kwa kikao kimoja inatafuta mambo machache: wewe ni nani na namba yako ya usajili, yuniti ipi na tarehe ipi, nini kilikuzuia, na karatasi gani inaonyesha hivyo. Akaongeza sentensi moja ya kuomba radhi kwa kuchelewa, akieleza kwamba taarifa ya mdomo ilitolewa siku ile ile na ujumbe umeambatishwa. Barua ikaelekezwa kwa mkuu wa kitivo kupitia mwenyekiti wa idara. Hilo neno "kupitia" lina kazi: barua isiyo na sahihi ya mwenyekiti hurudishwa. Nilimshauri pia atengeneze nakala mbili na apigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye ile anayobaki nayo.

Stadi za Mawasiliano ndiyo ilinitia wasiwasi zaidi, ingawa yeye aliiona ndogo. Alifanya majaribio, alifanya mtihani, alisaini karatasi ya mahudhurio, na bado mfumo unaonyesha kistari. Nilipomwuliza alisajili yuniti lini kwenye mfumo, alisema zote saba pamoja, akasaidiwa na kijana wa saiba. Tulipofungua ukurasa wa usajili tukakuta sita. Kijana alikuwa ameiacha moja. Ni ile wiki ya tatu tena: alisajili siku ya mwisho, foleni ndefu, mtandao unakatika. Jina lake halikutokea kwenye orodha ya mhadhiri, na mhadhiri hawezi kuingiza alama za mtu ambaye mfumo haumjui. Alama zipo kwenye karatasi fulani, ndani ya kabati fulani.

Wanafunzi wengi huiacha hali hii kwa kuwa haiumi. Hakuna E, hakuna sapu, unaendelea na mwaka wa pili kama kawaida. Inauma mwaka wa nne, orodha ya mahafali inapotoka bila jina lako, na yule mhadhiri alikuwa wa muda, ameondoka zamani, na karatasi za mitihani zilishateketezwa. Tena wengi huanzia mahali pasipo. Yuniti kama hii hufundishwa wanafunzi wa vitivo vyote, na mwenye nayo ni idara ya lugha, si idara ya fizikia. Unaweza kuzungushwa mwezi mzima kwa kuulizia idara yako mwenyewe.

Siku iliyofuata nilikwenda naye kwao. Nilitaka yeye ndiye aeleze, mimi nikae tu. Alimwonyesha baba yake simu, mstari kwa mstari. Ya Kalkulasi baba aliielewa upesi na haikumfurahisha. Ya Mekanika ilimtia hasira nyingine: "Ulilazwa, ukaniambia unasoma?" Mama akatoka nje kidogo, kisha akarudi. Walipofika kwenye kistari, Nekesa akapata taabu ya kueleza alama zinawezaje kuwepo na kutokuwepo. Baba, aliyewahi kuuza miwa kwa miaka mingi, akamkatiza.

"Ngoja, mama. Umepeleka miwa, trekta limepimwa, lakini siku ya malipo jina lako halimo kwenye orodha. Si ndiyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi huendi mikono mitupu. Unakwenda na tiketi ya mizani. Yako iko wapi?"

Ilikuwa kwenye begi. Karatasi ya jaribio iliyosahihishwa, 19 kwa 30, sahihi ya mhadhiri kwa wino mwekundu. Baba akaichukua, akaikunja mara moja tu, akaiweka ndani ya Biblia yake ikae hapo mpaka siku ya safari.

Suala la kuahirisha mwaka lilijadiliwa baada ya chai, na nilisema wazi ninavyoliona. Kuahirisha ni dawa ya mgonjwa wa muda mrefu, au ya aliyefiwa, au ya asiye na senti. Kwake lisingetibu hata mstari mmoja: sapu ingemngoja palepale, barua ya speshali ingezidi kuchelewa, na kistari kingezeeka. Yuniti moja iliyofeli haimzuii kuendelea na muhula wa pili. Senge hakushawishika sana. Aliuliza je, mtoto akikonda tena? Nilikubali hilo ni swali la kweli, na jibu lake lilikuwa katika pesa: fedha za matumizi za mkopo zilimfikia Novemba, na kabla ya hapo alikula mlo mmoja kwa siku bila kumwambia mtu. Wakakubaliana mahindi ya debe mbili yauzwe aondoke na chakula cha wiki sita, na kwamba akipiga simu ataulizwa amekula nini, si kama yuko sawa.

Kulikuwa na hofu nyingine ndani ya nyumba ile. Ijumaa ya Desemba 20, 2024, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba mfumo huo wa ufadhili unakiuka katiba. Baba aliisikia redioni akadhani ufadhili wa binti yake umefutwa, na alikaa na hofu hiyo wiki tatu bila kuisema. Hukumu haikumwondoa mwanafunzi yeyote darasani, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wake. Lakini fikiria: binti ananyamazia mitihani, baba ananyamazia redio, chini ya paa moja, Krismasi nzima.

Nekesa aliripoti siku ya kwanza ya muhula wa pili, akiwa na nusu ya sehemu ya familia. Alisajili yuniti zake mwenyewe, akapiga picha ya ukurasa. Idara ya lugha ilichukua wiki tano: kwanza mkuu wa kitivo akaidhinisha usajili wa kuchelewa, ndipo mhadhiri akaipata karatasi yake na kuingiza alama. Ilikuwa 58. Speshali ilikubaliwa mwezi Machi, baada ya mwenyekiti wa idara kumwita na kumwuliza kwa nini alichelewa. Alijibu kwamba hakujua kuna kuomba, na mwenyekiti akasaini. Aliifanya Mekanika katika wiki ile ile ya sapu ya Kalkulasi, na Mekanika akapata 55. Kalkulasi imeandikwa 40. Mhadhiri alimwonyesha karatasi yake: ilikuwa na 66.